Mimi sikuangushwa na asilimia, niliangushwa na ladha

"Wakuu nina miezi minne sijagusa pombe. Jumamosi kuna harusi ya shemeji hapa Mwanga, nataka nishike bia isiyo na kilevi ili watu wasinisumbue. Ya 0.5 na ya 0.0 zinatofautianaje, ipi haina sukari sana, na bei ikoje hapa Kigoma?"

Usiishike kaka. Nimesoma hapo nikaacha hesabu za dagaa mezani, maana hiyo shughuli yako mimi nilishaenda, ila yangu ilikuwa kipaimara na nilikuwa na miezi saba.

Namba ziko hivi. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 0.5 ina mililita 1.65 za kilevi, bia ya kawaida ya asilimia 5 ina 16.5, kwahiyo unahitaji chupa kumi kufikia moja. Ya 0.0 karibu haina kitu. Tatizo maneno ya kwenye lebo yanabadilika kwa nchi: Marekani "non-alkoholi" ni chini ya 0.5, Uingereza mwongozo wao wa "alkoholi frii" ni 0.05 tu, na "lo-alkoholi" inaruhusiwa kufika 1.2. Bia iliyoandikwa "laiti" ndo usiiguse kabisa, nyingi zina asilimia 4 hivi, hiyo ni bia kamili. Soma namba, achana na maneno. Na kama hospitali wamekuanzishia disulfiramu, dawa ya kusaidia kuacha pombe, hata kilevi kidogo kinaweza kukuwasha uso, moyo ukaenda mbio ukatapika, kwahiyo hata ya 0.5 usionje.

Sasa hizo hesabu ziko sahihi kabisa na ndo zilizonimaliza. Jamaa wa duka la jumla aliniambia "hii ni soda tu mkubwa, hata mtoto anakunywa", anajua kabisa natoka wapi, alinibeba mwenyewe mara mbili kunirudisha nyumbani, na bado aliniuzia kwa tabasamu. Mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira. Soda gani ina ule uchungu wa nyuma ya ulimi? Nyingi zinapikwa kama bia kisha kilevi kinatolewa, kwahiyo harufu, povu na uchungu vinabaki, na kwa mtu kama mimi na wewe ugonjwa umekaa hapo hapo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana waliwaonjesha wanaume bia kidogo sana, haiwezi kumlewesha mtu, na ladha peke yake ikafanya ubongo umwage dopamini, kemikali ya raha na hamu, zaidi kwa wale wenye walevi kwenye ukoo. Mimi baba alikuwa mnywaji.

Pale kwenye kipaimara nilikunywa mbili za 0.5, nikarudi mzima, mke wangu alifurahi mpaka akanikaangia mgebuka usiku ule. Nikajiona nimepona. Kesho yake nikanunua katoni nikajaza friji, nikawa nafungua moja saa kumi na mbili jioni, saa ile ile niliyokuwa naingia baa zamani. Wiki ya pili zikawa tatu, halafu tano, na kitu ambacho ningekijua mapema ningejiokoa ni kwamba nilikuwa nazinywa HARAKA, namaliza moja mkono uko kwenye nyingine, kama mtu anayesubiri mgeni na mgeni hafiki. Ukijiona hivyo jua mwili unaidai ile yenyewe.

Siku ya kumi na tisa giza lilikuwa zuri, dagaa wametoka wengi, nina milioni moja na laki nne mfukoni, hela ya watu wa Kasulu. Nikakaa baa moja karibu na Kibirizi nikaagiza yangu ya 0.5. Mhudumu akarudi, "zimeisha kaka, nikuletee hii nyingine ya baridi?" Chupa zinafanana, povu lile lile, glasi ile ile, nikasema lete. Sikubishana na nafsi hata dakika moja, maana mkono ulishafanya mazoezi siku kumi na nane. Nilikunywa siku tisa mfululizo, hela ya watu ikaisha, mke akaenda kwao Uvinza na watoto, akarudi baada ya miezi mitano.

Kwahiyo sheria yangu ni moja, kinachofanana na bia kwa harufu, chupa au povu hakiingii mkononi kwangu, iwe 0.5 iwe 0.0. Wapo wanaokunywa ya 0.0 miaka na hawajaanguka, siwabishii, ila wewe una miezi minne na unaenda ukumbini ambako ya kweli iko meza hiyo hiyo. Shika soda ya tangawizi kwenye glasi, isiwe tupu hata mara moja maana glasi tupu ndo inaita mtu wa kukumiminia. Na mpigie shemeji leo, mwambie hunywi, ili Jumamosi akiona mtu anakusogezea chupa aiondoe yeye.