"Wateja hupenda": nani kasema?

*Assalamu alaykum Maalim. Nasoma masoko, mwaka wa pili. Tumepewa kazi ya kukagua chapa ya biashara moja, nami nimechagua kikundi cha kina mama wanaotengeneza sabuni ya karafuu hapa Chake Chake. Niliandika: "Wateja hupenda sabuni hii kwa sababu chapa yake inajulikana." Mwalimu kanirudishia rasimu, kaandika pembeni: "Nani kasema?" Kosa la Kiswahili liko wapi? Na nikusanye ushahidi gani, niuandike vipi? — Mwanafunzi, Pemba*

Waalaykumu salaam mwanangu. Kisarufi sentensi yako haina ila. Tatizo ni dai linalobebwa na hu-. Tukisema "karafuu huanikwa juani" tunaeleza mazoea: ilikuwa hivyo msimu uliopita, na msimu ujao itakuwa hivyo hivyo. Kila mtu wa Pemba ameyaona majamvi, hakuna atakayeuliza nani kasema. Wewe, kwa mujibu wa rasimu uliyoniletea, umezungumza na watu 15 asubuhi moja sokoni. Ushahidi wako ni wa asubuhi ile, kitenzi chako kimesema siku zote.

Rudi kwenye -li-. "Wanunuzi 9 kati ya 15 waliitambua sabuni" ni sentensi ambayo mwalimu hawezi kuigomea, kwa sababu inataja tukio, idadi na waliohusika. Hu- iweke kwa jambo lenye rekodi ya kujirudia. Kama daftari la mauzo la kikundi linaonyesha kwa miaka kadhaa kwamba mauzo yanapanda kila Ramadhani inapokaribia, hapo andika "mauzo hupanda" na utaje daftari. Jihadhari pia na ukanushi. Hu- ikikanushwa haionekani tena, inabaki "wateja hawasomi lebo", na dai la mazoea limo ndani yake vilevile. Andika "wanunuzi 10 hawakuisoma lebo mbele yangu" ikiwa hicho ndicho ulichokiona.

Sasa ushahidi wenyewe. Ukaguzi wa chapa unatafuta tofauti baina ya mambo matatu: mwenye biashara anajitambulishaje, vitu vyake vinasema nini, na mnunuzi amebaki na nini kichwani. Rasimu yako imeyachanganya yote katika aya moja, ndiyo maana "inajulikana" haina mwenyewe. Mpe kila mmoja kitenzi chake: mwenyekiti *alisema*, lebo *imeandikwa*, mnunuzi *alijibu*.

Kwa mwenyekiti, muulize anataka sabuni yake ijulikane kwa lipi, na uandike maneno yake kama alivyoyatamka. Kwa vitu, piga picha kila mahali jina linapotokea: lebo, boksi, kibao cha mlangoni, mfuko, risiti, ukurasa wa Instagram, picha ya WhatsApp. Kila picha ipe namba, tarehe na mahali. Katika picha zako mwenyewe nimeona jina limeandikwa kwa namna tatu: neno moja kwenye lebo, maneno mawili kwenye kibao, na mtandaoni limeongezwa "Zanzibar" mbele. Rasimu yako haikulitaja hilo hata kwa mstari mmoja, nalo ni matokeo kamili, yanayothibitishwa na picha tatu zilizopangwa sambamba.

Ukiandika "chapa imesajiliwa", taja nini kimesajiliwa na wapi, na uombe kuiona hati. Cheti cha jina la biashara si usajili wa alama ya biashara. Na alama iliyosajiliwa Tanzania Bara pekee hailindwi Zanzibar kwa usajili huo. Huku kazi hiyo ni ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA.

Kwa wanunuzi, mpangilio wa maswali ndio unaookoa au kuharibu kazi. Ulianza na "Je, unaipenda sabuni hii?" huku umeishika mkononi. Mtu mwenye adabu zake hawezi kukujibu siipendi, tena mbele ya muuzaji. Anza bila kuonyesha kitu: "Ukitajiwa sabuni ya karafuu, jina gani linakujia?" Hapo unapima kukumbuka. Kisha toa sabuni, ziba jina kwa kidole gumba, uliza: "Hii unaijua?" Hapo unapima kutambua. Ukigeuza mpangilio, swali la kukumbuka limekufa, maana jina amekwishaliona. Wahoji pia wasioinunua, kwani ukisimama kwenye meza ya muuzaji wake tu utakutana na wanaoijua tu.

Bahati nzuri watu wawili watatu uliwauliza vizuri, na majibu yao umeyafukia kwenye kiambatisho. Mmoja alisema: "Ah, ile ya karatasi ya kaki." Mwingine: "Ya kaki yenye kamba." Jina hawakulitaja. Hicho ndicho kitu kizito kuliko vyote ulivyookota: yamkini kinachotambulika ni karatasi na kamba. Wewe umependekeza kikundi kibadilishe vifungashio viwe vya plastiki inayong'aa! Ushahidi wako mwenyewe unakukataza. Rudi sokoni ukawaulize watu wengine 15 kwa mpangilio niliokupa, maana wale wa kwanza jina wamekwishaliona, halafu uandike hivi, tuseme ukipata namba hizi:

"Wanunuzi 4 kati ya 15 walilitaja jina bila kusaidiwa. Jina lilipozibwa, 9 waliitambua sabuni, na 6 kati yao walitaja karatasi ya kaki (Kiambatisho 2). Huenda kifungashio kinatambulika zaidi kuliko jina. Kwa hiyo napendekeza karatasi ya kaki ibaki, na jina liandikwe kwa namna moja kila mahali, kwa herufi kubwa zaidi juu ya karatasi hiyo hiyo."

Tazama vitenzi vinavyobadilika. *Walitaja*, *waliitambua*: ushahidi. *Huenda*: maoni yako, na msomaji anajua kuwa ni maoni. *Napendekeza*: pendekezo, na limetoka kwenye namba iliyo juu yake. Kila tokeo lipe aya ya namna hiyo. Matatu yaliyoshiba yanatosha. Picha na majibu kamili yakae kwenye viambatisho kwa namba zake.

Mawili madogo. Usigeuze 9 kati ya 15 kuwa "asilimia 60". Kwa watu wachache hivyo, mtu mmoja akibadili jibu asilimia inaruka karibu 7. Na "imebainika kwamba" nimeihesabu mara nyingi katika rasimu yako. Kitenzi hicho cha kutendeka kinamficha aliyebaini. Kila ukikikuta, jiulize nani alibaini, kwa kuangalia nini. Jibu likipatikana, liandike mahali pake. Lisipopatikana, futa sentensi.

Majibu ya watu yaache katika Kipemba chao, usiyasanifishe, maana neno la mnunuzi likibadilishwa si lake tena. Majina yao usiyaweke, na picha ya mtu isipigwe bila ruhusa. Mwishoni eleza mipaka waziwazi: soko moja, asubuhi moja, watu 15, Wete na Mkoani hukufika.