Mke amepata nafasi ya kusoma nje miaka 2: tuamueje?

"Mke wangu amepata nafasi ya shahada ya uzamili nje ya nchi, miaka 2, ada italipwa na atapewa posho. Mimi nina kazi, na tuna mtoto wa miaka 4. Tumebishana wiki nzima. Tunaamuaje?"

Mkuu, ubishi wenu hautaisha kama hamjajua mnachobishania. Hukutaja nchi, na hapo ndipo pa kuanzia: je, wewe na mtoto mnaruhusiwa kumfuata, na ukifika utaruhusiwa kufanya kazi? Majibu yanatofautiana sana. Uingereza, kwa kozi zilizoanza tangu Januari 2024, mwanafunzi wa uzamili wa kawaida haruhusiwi kuleta mwenzi wala mtoto. Wanaobaki na nafasi hiyo ni hasa wa shahada za utafiti na wenye ufadhili wa serikali. Marekani, mwenzi wa mwanafunzi mwenye viza ya F-1 hupewa F-2, na F-2 hairuhusu kazi kabisa. Ujerumani mwenzi akishapata kibali cha kuungana na familia anaruhusiwa kufanya kazi, ila kwa kawaida huombwa cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1 kabla ya viza, na mwanafunzi lazima aonyeshe kipato na nyumba ya kuwatosha. Someni tovuti rasmi ya uhamiaji ya nchi hiyo, mkitafuta aina hasa ya viza ya shemeji. Msitegemee maneno ya mtu aliyekwenda miaka 5 iliyopita, sheria hizi hubadilika mara kwa mara.

Mkikuta hamwezi kumfuata, au mnaweza ila wewe ukae bila kazi, basi swali linabadilika: mnaweza kuendesha nyumba mbili kwa miezi 24? Hapa kaeni na karatasi.

Tuseme mapato yenu ya mwezi ni 100, wewe unaleta 60 na yeye 40. Matumizi ni 85, mnaweka akiba 15. Akiondoka, ile 40 inakatika. Watu wengi hudhani matumizi nayo yatapungua kwa nusu, lakini kodi, ada ya mtoto na mikopo havijali nani yupo. Kinachoondoka ni chakula chake, nauli yake na mahitaji yake binafsi, tuseme 15. Zinabaki 70. Kisha ongeza ambavyo havikuwepo: mtu wa kumwangalia mtoto saa ambazo shemeji ndiye aliyekuwa naye, 8; tiketi ya kuonana mara moja kwa mwaka, mkiigawa kwa miezi, 5. Jumla 83, na wewe unaingiza 60. Mnapungukiwa 23 kila mwezi, yaani 552 kwa miezi 24: mapato yenu ya sasa ya miezi mitano na nusu.

Posho isaidie, ndiyo, lakini msiihesabu tangu mwezi wa kwanza. Mwanzoni inaliwa na dhamana ya chumba, bima, vitu vya ndani na nguo za baridi, na mara nyingi malipo ya kwanza huchelewa mpaka akaunti ya benki ifunguliwe. Mkikadiria ataweza kutuma 10 kuanzia mwezi wa nne, ni miezi 21, yaani 210. Pengo linabaki 342. Kama akiba yenu haifiki hapo, amueni sasa kipi kinakatwa. Mkisubiri mwezi wa saba, atakayekuwa akikopa ni wewe peke yako, kimyakimya, na kinyongo kitaanzia hapo.

Baada ya hesabu, kila mmoja aandike peke yake majibu ya maswali matatu, kisha mbadilishane karatasi. Ni muda gani mrefu zaidi naweza kukaa bila kukuona? Mtoto akipandwa na homa saa nane usiku nami nina kazi asubuhi, nani anakuja? Masomo yakiisha, tunarudi au tunabaki? Hili la tatu ndilo linalovunja ndoa nyingi, kwa sababu mmoja husema "miaka 2" akimaanisha kurudi, mwenzake akimaanisha miaka 2 kisha kutafuta kazi hukohuko. Wote wawili huwa wakweli, ila hawakuulizana. Karatasi zikipishana hapo, msisaini chochote kwanza.

Na kama tatizo ni muda tu, mtoto bado mdogo au akiba haijatosha, shemeji aandikie chuo kuomba kuahirisha kuanza kwa mwaka mmoja. Vyuo vingi hukubali. Wafadhili wengi hukataa, kwa hiyo awaulize wafadhili kwanza, kwa maandishi, kabla hajakigusa chuo.