Kibanda sokoni au simu nyumbani: hesabu ya muuza madera anayeanza Malindi

Anayeanza kuuza nguo Malindi huangalia kodi ya kibanda kwanza, akiona ni kubwa anaamua kuuzia nyumbani kwa WhatsApp na Facebook. Kodi inaonekana, ndiyo maana inatisha. Pesa ya bodaboda aliyekwenda Muyeye na kurudi na nguo ileile haionekani mpaka mwisho wa mwezi, na hiyo ndiyo inayowamaliza wengi. Basi kabla ya kuamua, pigia hesabu pande zote mbili kwa bidhaa moja. Hapa tutatumia dera, kwa kuwa ni nguo ya kila siku kwa wanawake wengi wa Pwani na halina shida kubwa ya saizi. Bei zifuatazo ni za mfano. Weka za kwako, lakini fuata hatua zilezile.

Tuseme dera unalinunua kwa jumla Mombasa kwa shilingi 350, nauli ya mzigo ikiwa ndani, na unaliuza 500. Faida ni 150 kwa kila dera. Unataka ubaki na shilingi 12,000 za nyumbani kila mwezi.

Ukiwa sokoni, kodi ni 4,500. Ushuru wa kila siku ukiwa 30 kwa siku 26 za kazi, ni 780. Mlinzi wa usiku 400. Nauli yako na chakula cha mchana 150 kwa siku, yaani 3,900. Jumla 9,580. Ongeza zile 12,000 unazozitaka, unapata 21,580. Gawanya kwa 150: lazima uuze madera 144 kwa mwezi, kama matano na nusu kila siku.

Ukiwa nyumbani hulipi kodi, unalipa bando la 1,000 tu. Wengi huishia hapo wakafurahi. Lakini fuata madera kumi yakitoka mlangoni kwako. Kila moja linafungwa kwa mfuko wa shilingi 10. Mteja ameahidi kulipa dera na bodaboda likimfikia. Manane yanapokewa. Mawili yanarudi, kwa sababu mwenyewe hapokei simu, au rangi siyo aliyoiona, au ni fupi. Bodaboda wa kwenda na kurudi ni 200 kwa kila lililorudi, na wa kumlipa ni wewe. Faida ya manane ni 1,200. Toa 400 za bodaboda na 100 za mifuko, umebaki na 700. Ukigawanya kwa manane yaliyouzwa, kila dera limekuachia shilingi 87 na senti 50, si 150. Ili upate zile 12,000 na bando, unahitaji kuuza madera 149. Yaani umekimbia kodi, na kazi imekuwa ileile ya sokoni.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: hakuna linalorudi. Kila dera linakuachia 140, na unahitaji kuuza 93. Kwa hiyo kwa nguo ya bei ya chini, anayeshindana nawe si mwenye kibanda, ni lile dera linalorudi. Nguo ya bei ya juu iko tofauti. Abaya yenye faida ya 600, hata mbili zikirudi katika kila kumi, inakuachia 537 na senti 50, na ukiuza 25 umefika. Sokoni ungehitaji 36. Mitumba nayo haifai kabisa kuanzia nyumbani. Kila kipande ni cha peke yake, mteja anataka kupekua na kujaribu, na blauzi ya 100 haiwezi kubeba bodaboda wa 100. Anayefungua robota la mitumba atafute nafasi sokoni, hata ya kutandika chini.

Kuna hesabu ya pili ambayo humkuta mtu akiwa tayari ameshatoa pesa. Tuseme una mtaji wa 40,000. Aliyeshika kibanda anataka gudwili ya 15,000 ili akuachie, kisha kodi ya mwezi na dipoziti, 9,000. Rafu, henga na turubai zinakula 4,000. Umebaki na 12,000, ambazo ni madera 34. Kibanda chenye madera 34 kinaonekana kitupu, na mteja hupita kibanda kitupu akaingia cha jirani ambako rangi zimejaa. Isitoshe, ili uuze 144 kwa mwezi itakubidi uende Mombasa kila wiki kwa mzigo mdogo, na nauli itakula faida. Baada ya kulipa kila kitu cha kibanda, mzigo wako wa kwanza usipungue madera 80, na kando uwe na kodi ya miezi miwili. Kama pesa haifiki hapo, kibanda bado.

Ukiwa na pesa ya kutosha, usilipe kwa siku uliyoonyeshwa. Simama karibu na kibanda hicho saa moja nzima mara tatu: asubuhi ya siku ya kawaida, jioni ya mwisho wa mwezi, na mchana wa mvua. Usihesabu wapitao tu. Hesabu wanaogusa nguo kwenye vibanda vya jirani na wanaoondoka na mfuko. Njia inayopitwa na watu mia wanaoenda kununua samaki haikusaidii. Angalia jua la alasiri linapiga wapi, kwa maana nguo zilizotundikwa upande wa magharibi bila turubai hupauka mabegani kwa wiki chache, na dera lililopauka mabegani halina mnunuzi. Hewa ya bahari nayo huzitia kutu henga za waya, na kutu ikishaingia kwenye kitambaa cheupe haitoki. Nunua za plastiki tangu mwanzo.

Kisha uliza nambari ya kibanda ni ya nani. Mara nyingi anayekupangisha naye ni mpangaji, na jina lililoko kwenye karatasi za kaunti ni la mtu mwingine. Omba kuona risiti ya karibuni yenye nambari hiyo, mtafute mwenye jina, na mkataba uandikwe naye mbele ya shahidi, ukitaja dipoziti, gudwili na notisi ya kuondoka. Gudwili usitarajie kurudishiwa. Ihesabu kama pesa iliyokwenda.

Turudi nyumbani, tuone namna ya kuzuia nguo kurudi. Kwanza picha. Piga asubuhi kati ya saa mbili na saa nne, mlangoni, kivulini. Balbu ya manjano hugeuza damu ya mzee kuwa nyekundu, na mteja akiletewa rangi nyingine ana haki ya kukataa. Piga dera lote likiwa limetundikwa, kisha shingo, kisha pindo kwa karibu, na kama kuna doa au uzi uliotoka, lipige na ulionyeshe.

Pili vipimo. Neno "frisaizi" halitoshi. Madera hutofautiana sana kwa urefu, na mwanamke mrefu akivaa lililomwishia kwenye muundi hatalilipia. Litandaze dera kwenye mkeka, pima kutoka bega hadi pindo, kisha kwapa hadi kwapa, na uandike hivi: "Dera, rayoni, urefu inchi 57, kwapa hadi kwapa inchi 26, halitoi rangi, 500. Kupelekewa Shella au Maweni 100." Kabla ya kuandika kwamba halitoi rangi, sugua upindo wa ndani kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka na rangi, mwambie mteja alifue peke yake mara ya kwanza.

Tatu, na hili usilegeze: pesa ya bodaboda itangulie. Si lazima mteja mgeni alipe dera lote kabla ya kuliona. Wengi wametapeliwa na wana sababu ya kuogopa. Lakini 100 za bodaboda atume kwanza, na umweleze wazi kwamba hazirudi akikataa mzigo. Ambaye hakukusudia kununua huishia hapo, na umeokoa safari nzima. Zinazobaki alipe kwenye nambari yako ya biashara dera likiwa mikononi mwake, na bodaboda asiondoke mpaka umpigie. Usimpigie kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Ujumbe wa kweli huja kwenye simu yako kwa jina MPESA, si kwa nambari ya mtu, na hata hivyo tazama salio. Wa Watamu, Mambrui au Marereni alipe yote kabla, kwa kuwa mzigo ukishapanda matatu huna wa kukushikia.

Jambo moja kuhusu WhatsApp huwapotosha wageni. Status yako haionwi na kila mtu. Inaonwa na aliyehifadhi nambari yako nawe umehifadhi yake, na inatoweka baada ya saa 24. Ukiwa na nambari 400 na wanaotazama ni 60, soko lako ni watu 60. Andika kila jioni wametazama wangapi, wameuliza wangapi, wamelipa wangapi. Wakitazama wengi bila kuuliza, kasoro iko kwenye picha au bei. Wakiuliza wengi bila kulipa, mara nyingi ni pesa ya bodaboda inayowarudisha nyuma.

Hao wa mwisho ndio wanaotuelekeza kwenye njia tunayoiona bora kwa muuza madera mwenye mtaji mdogo, nayo si kibanda kizima wala nyumbani pekee. Tafuta fundi cherehani mwenye kibanda mjini, umlipe kama 1,500 kwa mwezi akupe kona ya kutundika madera 20. Matangazo endelea nayo kwa simu. Mteja akija mjini anapita kwa fundi, analigusa, analijaribu juu ya nguo yake, analipa na kwenda nalo. Bodaboda hana, na la kurudi halipo. Lililo refu fundi hulipunguza papo hapo, naye anapata kazi. Hesabu yake: 12,000, bando 1,000 na kona 1,500, jumla 14,500; gawanya kwa 140, madera 104. Kwa tofauti ya madera 40 hivi chini ya kibanda, hujatoa gudwili wala dipoziti. Mhesabie fundi madera kila Jumamosi mbele yake, muandike nyote wawili kwenye daftari moja, ili lisipotee dera likaleta ugomvi.

Kona ikikuuzia madera 150 kwa miezi mitatu mfululizo, bila kuhesabu mwezi wa Idi, hapo tafuta kibanda chako. Mwezi wa Idi hutoa hesabu ya uongo, na kila mwaka Idi huja mapema zaidi kwa kama siku 11 kwenye kalenda ya kawaida, kwa hiyo usichukue mauzo ya mwaka jana mwezi huohuo kuwa kipimo. Mkataba usiuanze Aprili. Masika huingia, mahoteli mengi hupunguza wafanyakazi mpaka karibu Julai, na pesa mjini hupungua. Lakini kodi haipungui. Mwenye kibanda kilichokaa kitupu tangu Mei ndiye wa kuzungumza naye Juni, kwa sababu hapo hata gudwili hushuka.