Ini likiumia katikati ya dawa za kifua kikuu: lini usimamishe zote, na uzirudishe vipi

Swali: Assalaam alaykum dokta. Mimi ni tabibu wa hospitali ndogo kaskazini mwa Pemba. Nina mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu, mvuvi wa miaka 46, kilo 48, yuko wiki ya nne ya vidonge vya mseto, vitatu kwa siku. Siku nne hizi anatapika, hataki chakula, na jana nimeona macho yake manjano. ALT ni 312 (mwisho wa kawaida wa maabara yetu ni 40), bilirubini 58 (mwisho wa kawaida 21). VVU hana. Nimempunguzia, anameza kidonge kimoja badala ya vitatu, kwa sababu naogopa kumwacha bila dawa. Nimefanya sawa? Na kama ni kusimamisha zote, nitaanzaje tena?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kidonge hicho kimoja kisimamishe leo hii, usingoje kesho. Kila kidonge cha mseto kina dawa zote nne, kwa hiyo ini lake bado linapokea rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi, zote tatu zenye kuumiza ini. Vijidudu navyo vinapata dozi isiyowaua, na hapo ndipo usugu unapozaliwa. Kwa ini lililofika hapo hakuna nusu dozi: ama mgonjwa anameza dozi kamili, ama hamezi kabisa.

Kipimo cha uamuzi ni hiki. ALT ikipanda bila kufika mara tatu ya mwisho wa kawaida, na mgonjwa hana dalili, dawa zinaendelea na unapima tena baada ya wiki. Hilo hutokea kwa wagonjwa wengi katika miezi miwili ya mwanzo, na mara nyingi hushuka lenyewe. Ukisimamisha kwa kila ALT ya 70 au 90 utawaharibia watu matibabu yao bure. Unasimamisha zote ALT inapofika mara tatu au zaidi kwa mgonjwa mwenye dalili, yaani kutapika, kukosa hamu ya chakula, maumivu chini ya mbavu za kulia, uchovu usio wa kawaida. Kwa asiye na dalili yoyote, mpaka ni mara tano. Macho ya manjano yanatosha peke yake, hata karatasi ya maabara ikiwa haijarudi. Mgonjwa wako ana ALT karibu mara nane, ana dalili na ana umanjano, kwa hiyo mipaka yote ameshaivuka.

Juu ya umanjano niongeze jambo, kwa sababu huku kwetu unachanganywa na rangi ya rifampisini. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa chungwa, na rangi hiyo hukolea saa chache baada ya kumeza, kisha hufifia. Weupe wa jicho haiugusi kwa dozi ya kawaida. Mkojo wa ini ni wa kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea, na hubaki hivyo asubuhi hadi usiku. Mweke mgonjwa karibu na dirisha, mchana, umwambie atazame chini huku ukiinua kope ya juu. Taa ya umeme inadanganya. Usitegemee sana kijiti cha kupimia mkojo akiwa bado anameza rifampisini, maana rangi ya dawa huvuruga usomaji wake.

Ukishasimamisha, usikae ukihesabu siku tu. Usidhani moja kwa moja kwamba ni dawa za TB. Mpime homa ya ini B kwa kipimo cha haraka, na C kama kipo. Muulize kwa upole, akiwa peke yake, amekunywa nini kingine. Mvuvi aliyekaa dago wiki nzima na maumivu ya mwili anaweza kuwa anameza panado asubuhi, mchana na usiku, na akirudi nyumbani anapewa mizizi ya kuchemsha kwa ajili ya kikohozi. Ukimkaripia atakuficha. Vyote hivyo visimame pamoja na dawa zake. Kama kuna dawa nyingine yoyote ya hospitali isiyo ya lazima, nayo isimame.

Halafu mwangalie kama ini linaelekea kushindwa. Akisinzia mchana, akijibu maswali ovyo, akitokwa na damu kwenye fizi, sukari ya damu ikishuka, au INR ikizidi 1.5, huyo si wa kulazwa kwako. Apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Mtu wa namna hiyo hata akipona, isoniazidi na pirazinamidi hazirudishwi kwa majaribio kituoni.

Sasa hofu yako ya kumwacha bila dawa. Ni hofu ya haki, lakini ipime kwa mgonjwa mwenyewe. Mtu aliyemeza dozi kamili karibu mwezi mzima, anayetembea na kupumua vizuri, anaweza kukaa wiki moja hadi mbili bila dawa na TB isimshinde. Aliye na TB ya ubongo, au iliyoenea mwilini mzima, au anayehitaji oksijeni, huyo hawezi kusubiri. Hupewa dawa za kumvusha zisizogusa ini sana: ethambutoli, levofloksasini, na dawa ya tatu kama sindano ya amikasini au linezolidi, kwa ushauri wa timu ya TB sugu. Usimpe ethambutoli peke yake ukadhani umemkinga. Mvuvi wako, kwa ulivyonieleza, naona anaweza kusubiri. Wiki mbili zikipita na ini bado halijatulia, mpigie mratibu wa TB wa wilaya mzungumze dawa za kumvusha.

Siku hiyo hiyo unaposimamisha, agiza dawa moja moja kupitia kwa mratibu: rifampisini peke yake, isoniazidi peke yake, ethambutoli peke yake. Hapa ndipo mambo hukwama. Ini linatulia, mgonjwa yuko tayari, na dukani kuna vidonge vya mseto tu, basi mtu anaanzishiwa vyote kwa pamoja kwa kukosa la kufanya. Vikimdhuru tena, hutajua ni ipi kati ya tatu, na safari ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza.

Pima ALT na bilirubini siku ya 7 na siku ya 14. Unarudisha dawa pale ALT inaposhuka chini ya mara mbili ya mwisho wa kawaida (kwenu ni chini ya 80), umanjano umeondoka, na mgonjwa anakula. Mahali pasipo na kipimo cha ini, husubiriwa wiki mbili zaidi tangu umanjano na maumivu ya tumbo la juu yaishe. Tuseme siku ya 7 amepata 168, na siku ya 14 amepata 74, bilirubini imerudi kawaida, na ameanza kudai ugali kwa samaki. Siku ya 15 anaanza.

Anaanza na rifampisini miligramu 450 pamoja na ethambutoli miligramu 800. Rifampisini inatangulia kwa sababu ndiyo nguzo ya matibabu, na kati ya zile tatu ndiyo yenye uwezekano mdogo zaidi wa kuliumiza ini. Ethambutoli inaisindikiza isiwe peke yake mbele ya vijidudu, nayo kwa ini haina neno. Wengine hupandisha dozi kidogo kidogo. Mimi huanza na dozi kamili, maana ndiyo nitakayotaka aimeze mwishoni. Kati ya dawa na dawa huachwa siku 3 hadi 7. Kwa kituo ambacho damu lazima isafirishwe, chukua 7, ili jibu liwe mkononi kabla ya hatua inayofuata.

Wiki ya kwanza ya rifampisini unaweza kuona bilirubini imepanda kidogo peke yake, ALT ikiwa imetulia na mgonjwa mzima. Mara nyingi ni rifampisini inashindana na bilirubini kwenye njia ya kutokea ndani ya ini, na hutulia. Rudia kipimo baada ya siku chache kabla ya kuilaumu. Umanjano ukionekana machoni tena, hapo isimamishe.

ALT ya siku ya 7 ya rifampisini ikiwa haijapanda, ongeza isoniazidi. Kwa kilo 48 ni miligramu 250, yaani vidonge viwili na nusu vya miligramu 100. Wiki moja baadaye pima tena. Dalili zikirudi, au ALT ikivuka ile mipaka ya mwanzo, dawa uliyoongeza mwisho ndiyo mshukiwa: itoe, usiguse nyingine kabla ya kuzungumza na mratibu, kwa sababu matibabu yasiyo na isoniazidi au yasiyo na rifampisini yana mchanganyiko wake na muda wake, na hayapangwi na mtu mmoja.

Akivumilia zote mbili, simama hapo. Pirazinamidi usiirudishe kwa mgonjwa huyu. Ndiyo kali kuliko zote kwa ini, na mtu aliyepata umanjano kisha akazivumilia rifampisini na isoniazidi ameshakuonyesha mshukiwa ni nani. Kumjaribu tena ili kuokoa miezi mitatu ya matibabu hakumlipi. Bila pirazinamidi matibabu yanakuwa miezi 9: miezi 2 ya rifampisini, isoniazidi na ethambutoli, kisha miezi 7 ya rifampisini na isoniazidi. Kwa kuwa alikaa siku 14 bila dawa akiwa bado kwenye awamu ya kwanza, zile wiki nne za mwanzo usizihesabu. Mimi huanza kuhesabu miezi 9 siku rifampisini na isoniazidi zinapokutana. Kabla ya kuanza upya chukua makohozi, na kama vijidudu bado vinaonekana, omba kipimo cha vinasaba kuangalia usugu, hasa baada ya zile siku za kidonge kimoja.

Akishatulia kwa dawa mbili, unaweza kumrudisha kwenye mseto wa rifampisini na isoniazidi, vidonge vitatu kwa siku, na ethambutoli pembeni kwa muda wake. ALT ipimwe kila wiki kwa mwezi mmoja, kisha kila mwezi. Mfundishe yeye na mkewe dalili za kuacha dawa na kuja hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki: kutapika, mkojo wa kahawia, macho ya manjano. Na kwenye kadi yake ya matibabu andika wazi, kwa herufi kubwa, kwamba pirazinamidi hapewi. Wavuvi wa dago huhama kambi, na akiishiwa dawa akiwa Unguja au Tanga, atakayempokea atamtolea vidonge vya mseto vya dawa nne asipoliona neno hilo.