Asilimia Mbili Unazoziacha Zinakugharimu Asilimia Thelathini na Saba

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba mgavi wake humpa punguzo la asilimia 2 akilipa ndani ya siku 10, la sivyo deni lote hulipwa ndani ya siku 30. Yeye husubiri hadi siku ya 30, kwa kuwa, kwa maneno yake, "asilimia mbili si kitu, na fedha hukaa mkononi mwangu bila riba." Sentensi hiyo ilinirudisha kwenye kikao ambamo niliwahi kuambiwa maneno yaleyale mbele ya wenzangu, nikiwa mhasibu wa madeni ya wagavi katika kampuni ya jumla, na nakiri kwamba bado yananiuma, kwa sababu aliyeyasema hakutaka hata kuitazama karatasi yangu.

Karatasi hiyo ilikuwa na ankara moja tu, ya 500,000. Anayelipa ndani ya siku 10 hutoa 490,000. Kwa hiyo bei halisi ya bidhaa ni 490,000, na ile 10,000 inayobaki ni malipo ya kukaa na fedha za mgavi. Unakaa nazo kwa muda gani? Hapa ndipo wengi hujibu siku 30. Siku 10 za mwanzo umepewa bure, ulipe mapema au usilipe; kinachonunuliwa kwa ile 10,000 ni siku 20 tu, kuanzia ya 10 hadi ya 30. Gawanya 10,000 kwa 490,000, upate asilimia 2.04 kwa siku 20. Mwaka una vipindi 18.25 vya namna hiyo, hivyo gharama kwa mwaka ni kama ifuatavyo:

```
(2 / 98) x (365 / 20) = 0.372
```

Hiyo ni asilimia 37.2, na ukihesabu riba juu ya riba, kama inavyokuwa kwa mtu anayeacha punguzo kila mara, inafika takriban asilimia 44.6. Hakuna mtu makini ambaye angetia sahihi mkopo wa benki wenye riba hiyo, lakini huutia sahihi kimyakimya kila anapoiweka ankara kando.

Wakati ule kampuni ilikuwa na ovadrafti ya asilimia 18 kwa mwaka, iliyokuwa haijatumika yote. Kukopa 490,000 kwa siku 20 kungegharimu takriban 4,833, na punguzo lingeokoa 10,000, hivyo ankara hiyo moja ingetuachia 5,167. Niliposhikilia hesabu hiyo kwa miezi, hatimaye ilikubaliwa, na utaratibu wa kulipa siku ya 10 ukaanza. Naliona jambo hilo kuwa kazi bora niliyoifanya pale, ingawa sifa zake zilikwenda kwingine.

Ndugu msomaji, usiikariri ile 37.2, maana inategemea siku utakayolipa kweli. Anayekosa punguzo kisha akalipa siku ya 15 amenunua siku 5 tu kwa 10,000, na gharama yake inaruka hadi karibu asilimia 149 kwa mwaka. Punguzo likishapita, basi, kulipa kabla ya siku ya 30 ni kutoa fedha bure. Kinyume chake, anayechelewa hadi siku ya 50 huishusha hadi asilimia 18.6, na wapo wanaojisifia hilo. Ila hesabu hiyo haijaingiza faini ya kuchelewa, wala bei ambayo mgavi aliyechoka atakupandishia katika oda inayofuata.

Masharti nayo hutofautiana. Asilimia 2 kwa siku 10, deni likiisha siku ya 60, ni asilimia 14.9 tu kwa mwaka, na kwa mwenye ovadrafti ile ya 18 ni afadhali kuliacha punguzo. Linganisha kila mgavi na gharama ya fedha zako mwenyewe, tena uikadirie kwa uaminifu: kama huna pa kukopa na fedha iliyopo ni ya mishahara, basi gharama yako ni kubwa kuliko riba yoyote ya benki, na punguzo litasubiri. Vivyo hivyo kwa mzigo uliofika na kasoro. Ukishalipa, mgavi hana haraka tena ya kukusikiliza.

Kabla ya hesabu yoyote, muulize mgavi siku 10 zinaanza lini. Wengi huzihesabu tangu tarehe iliyoandikwa kwenye ankara, na ankara ikikaa siku 6 kwa mtunza stoo kabla ya kufika uhasibu, zinabaki siku 4 za kuidhinisha, kusaini na kusubiri benki ihamishe fedha. Sisi tulianza kuzigonga muhuri ankara zenye punguzo langoni, siku zinapoingia, na kuandika kwa kalamu nyekundu tarehe ya mwisho ya punguzo badala ya tarehe ya mwisho ya deni.