Mistari saba ya matawi kwenye grafu moja

"Ripoti yangu ya mwezi ina grafu ya mauzo ya matawi saba, mistari inapandana hadi haisomeki. Nikiigawa iwe grafu ndogo saba, itatosha?"

Inategemea bosi wako anatafuta nini. Akitaka kujua kila tawi limeendaje tangu Januari, gawa tu. Akitaka kujua nani kampita nani mwezi wa sita, grafu ndogo zitamchosha, jicho litarukaruka. Hapo bakiza moja: matawi mawili yanayoshindana yape rangi, matano yaliyobaki yawe kijivu.

Ukigawa, chunga mhimili wa wima. Excel hujipangia kipimo kwa kila grafu, kwa hiyo tawi lililotoka milioni 4 hadi 5 laweza kuonekana limefika juu karibu sawa na lililotoka 40 hadi 80. Nilishanaswa hapo, tawi dogo likapigiwa makofi kikaoni bure. Tengeneza grafu ya kwanza, andika mwenyewe kiwango cha chini na cha juu, kisha inakili mara sita ukibadilisha data tu.

Sasa madogo yatalala chini kama uzi. Kama unachotaka ni mwenendo, gawa kila mwezi kwa Januari ya tawi lenyewe (hapa iko B2):

```
=B2/B$2*100
```

Wote wanaanzia 100. Dogo linafika 125, kubwa 200. Shilingi zenyewe ziandike mwishoni mwa mstari. Ila kama tawi lilifungwa nusu ya Januari, tumia wastani wa miezi mitatu ya kwanza, la sivyo litaonekana shujaa mwaka mzima.