Kufupisha si kurahisisha: maandishi ya slaidi kwa wanaojifunza Kiswahili

Swali: Ninafundisha usalama kazini kwa watu wazima wanaojifunza Kiswahili kama lugha ya pili, ambao wako karibu na ngazi ya A2, yaani wanajua misingi tu. Slaidi moja ilisema: "Uzimaji wa mashine kabla ya kufanyika kwa matengenezo ni wa lazima ili kuepusha ajali zitokanazo na uwashaji wa ghafla." Nimeipunguza ikawa: "Uzimaji wa mashine: lazima. Matengenezo: baadaye. Kuepusha ajali." Bado hawaelewi, na kipimo cha usomekaji kinanipa namba zilizo chini ya sifuri. Nifanye nini?

Jibu: Mwalimu, tuanze na hicho kipimo ili tukiweke kando. Kwa kuwa kinakupa namba zilizo chini ya sifuri, yaelekea ni kanuni ya Rudolf Flesch, ambayo aliitunga mwaka 1948 kwa ajili ya Kiingereza:

```
206.835 - 1.015 × (maneno ÷ sentensi) - 84.6 × (silabi ÷ maneno)
```

Chukua sentensi ambayo mwanafunzi huimudu mapema kabisa katika masomo yake: "Watoto wanasoma kitabu kipya." Ina maneno manne na silabi 12, yaani wastani wa silabi tatu kwa kila neno, na ukikokotoa utapata takriban -51, ilhali katika kanuni hiyo namba ndogo ndiyo huashiria ugumu. Kosa si la sentensi. Kiswahili hubandika nafsi, wakati na urejeshi ndani ya kitenzi kimoja, kwa hiyo neno lenye silabi nne kama "wanasoma" ni jepesi, na neno jingine la silabi nne kama "shinikizo" laweza kuwa geni kabisa. Kanuni inayohesabu silabi haiwezi kuiona tofauti hiyo.

Sasa slaidi yenyewe. Ulichokipunguza ni idadi ya maneno, lakini ugumu haukuwa hapo. Ulikuwa katika vitenzi vilivyogeuzwa kuwa nomino, na katika toleo lako jipya umezibakiza nomino hizo na kuondoa karibu kila kitu kilichokuwa kikiziunganisha. Mwanafunzi wa A2 hutegemea sana kiambishi cha nafsi kilicho mwanzoni mwa kitenzi, kwa sababu ndicho kinachomwambia nani anatenda. "Uzimaji" hauna nafsi. Tena unaanza na u-, kiambishi kilekile alichofundishwa kuwa ni cha "wewe", na nimewahi kuwaona wanafunzi wakijitahidi kulisoma neno la namna hii kama kitenzi kinachomhusu msomaji. Akikimbilia kamusi, huenda akakuta "zima" tu. Na "zitokanazo" hatalikuta kamwe, kwa kuwa kamusi huorodhesha kitenzi kwa shina lake, na mwanafunzi lazima kwanza ajue kuvua "zi-" ya mwanzo na "-zo" ya mwisho ndipo afike kwenye "tokana".

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kurudisha kila nomino ya aina hiyo kwenye kitenzi chake na kuuliza: nani anafanya? Hapa ndipo kazi inapokuwa na manufaa yasiyotarajiwa. "Uzimaji" ni rahisi, kwani anayezima ni fundi, yaani msomaji. Lakini "uwashaji wa ghafla" ni wa nani? Ni mwenzake aliye upande wa pili wa mashine, ni yeye mwenyewe aliyegusa swichi bila kujua, au ni umeme uliokatika kisha ukarudi? Sentensi ya awali ilificha jambo hilo bila mtu yeyote kugundua, hata wale wanaokijua Kiswahili tangu utotoni. Usibahatishe, muulize mtaalamu wa usalama aliyeandika maudhui. Tuseme amejibu kwamba hatari anayoikusudia ni mtu mwingine kuiwasha mashine. Slaidi itakuwa hivi:

Ni lazima uzime mashine kwanza.
Kisha unaweza kuanza matengenezo.
Kwa nini? Kwa sababu mtu mwingine anaweza kuwasha mashine, na unaweza kuumia.

Hesabu maneno: ya awali yalikuwa 19, haya ni 21. Slaidi imekuwa ndefu kidogo na rahisi zaidi, na jambo hilo lisikutie wasiwasi, mradi kila sentensi imekaa kwenye mstari wake au miwili na herufi hazikupunguzwa ukubwa ili zitoshe.

Kuna mambo matatu niliyoyafanya kwa makusudi ambayo mhariri wa kawaida angeyasahihisha. Nimerudia "mashine" badala ya kuandika "kuiwasha", kwa sababu kiambishi cha mtendwa humlazimu msomaji kurudi nyuma kutafuta nomino ya ngeli inayolingana nacho, na slaidi haimpi muda huo. Nimebakiza "kwa sababu". Wengi wanaporahisisha hukata sentensi vipande vipande na kuvitupa viunganishi, wakabaki na orodha ya kauli zisizohusiana, na mwanafunzi akashindwa kujua kwamba ya tatu ndiyo sababu ya ile ya kwanza. Tena nimebakiza "lazima". Ningeandika "Zima mashine kwanza" ingekuwa fupi na wazi, lakini amri hutumika pia kwa maelekezo ya kawaida, na hapa tunazungumzia sharti lisilo na hiari. Katika maandishi ya usalama, nguvu ya kauli, namba na masharti havirahisishwi.

Neno "matengenezo" nalo nimeliacha, ingawa si la A2, kwa kuwa atakutana nalo kwenye vibao na fomu za kazini. Neno kama hilo hufundishwa, haliondolewi: liweke pamoja na picha kwenye slaidi inayotangulia, kisha litumie bila kulibadilisha. Ukiandika "matengenezo" hapa, "ukarabati" kule na "marekebisho" mbele, mwanafunzi atadhani ni mambo matatu. Kuhusu idadi ya maneno mageni, watafiti wa usomaji katika lugha ya pili hutaja kwamba msomaji anahitaji kujua kati ya asilimia 95 na 98 ya maneno ili aelewe bila msaada. Kwa slaidi yenye maneno 40, hiyo ni sawa na neno moja geni, au mawili kwa wingi. Kwa slaidi yetu ya maneno 21, "matengenezo" peke yake limeshamaliza nafasi hiyo.

Sentensi ya awali usiifute. Iweke kwenye maelezo ya mzungumzaji, kwani itakufaa siku utakapofundisha ngazi ya juu, lakini usiitamke wakati slaidi rahisi iko ukutani: mwanafunzi hawezi kusoma maneno haya huku akisikiliza yale. Kaa kimya wasome, kisha zungumza.

Mwisho, ijaribu kwa watu watatu wa ngazi hiyo ambao hawajaiona. Waoneshe slaidi kwa muda wa kuisoma mara mbili polepole, iondoe, kisha muulize kila mmoja peke yake: utafanya nini kwanza, na kwa nini? Kama mna lugha nyingine mnayoielewa wote wawili, mruhusu ajibu kwa hiyo, la sivyo utakuwa unapima usemaji wake badala ya usomaji wake. Anayejibu "nitazima" lakini akashindwa kusema kwa nini hakuupata mstari wa tatu, na hapo ndipo pa kurekebisha, huku miwili ya kwanza ukiiacha kama ilivyo. Anayekurudishia maneno yaleyale kwa mpangilio uleule hajakuthibitishia chochote. Mwombe aoneshe kwa mikono, mbele ya mashine iliyozimwa, angefanya nini.